Mbabula au jiko? Mwongozo kamili wa kuchagua jina la bidhaa katika kichwa kinachosomwa Kongo, Tanzania na Kenya

Fundi wa Bukavu anayetengeneza chombo cha kupikia cha bati, chenye udongo uliochomwa kwa ndani na matundu chini ya kuangushia majivu, hana shida ya kukitaja akiwa nyumbani: ni mbabula, na inawashwa kwa makala. Akivuka ziwa Tanganyika na kufika Kigoma, chombo kilekile kinaitwa jiko, na kinawashwa kwa mkaa. Akifika Nairobi ni jiko vilevile, ila sasa kinawashwa kwa makaa. Maneno haya yote ni Kiswahili, na yote yanasemwa kila siku na watu wasiokuwa na sababu ya kujiuliza kama jirani yao ng'ambo ya mpaka anasema vingine. Ugumu unaanza pale fundi huyo, au mtu anayemwandikia matangazo, anapotakiwa kuandika mstari mmoja tu juu ya picha ya bidhaa, mstari ambao mnunuzi atausoma kwa haraka kwenye simu na kuamua kufungua au kupita.

Mwongozo huu unafuata bidhaa hiyo moja tangu kukusanya majina yake hadi kuandika vichwa vyake na kutambua kama vimekosea. Nimeichagua kwa sababu tofauti yake iko mahali pawili kwa wakati mmoja, yaani katika jina la chombo na katika jina la kinachochomwa ndani yake, na kwa sababu baadhi ya majina hayo yakivuka mpaka hayapotei tu, bali yanageuka kuwa jina la kitu kingine kabisa.

Hatua ya kwanza: eleza bidhaa kabla ya kuipa jina

Kabla ya kuuliza watu wanaiitaje, andika kwenye karatasi bidhaa yenyewe ni nini kwa maneno ambayo hayabishaniwi: imetengenezwa kwa nini, inatumia nini, ina ukubwa gani, na inatofautianaje na ile ya kawaida. Kwa mfano wetu, karatasi itasema hivi: chombo cha kupikia cha kubebeka, nje ni bati, ndani ni udongo uliochomwa, kinatumia mkaa, mdomo wake una upana wa sentimita 28, na kwa sababu udongo unahifadhi joto, kinatumia mkaa kidogo kuliko chombo cha bati tupu.

Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayokuonyesha ni sehemu zipi za kichwa zinazobadilika kutoka nchi hadi nchi na ni zipi zinazobaki. Udongo ni udongo Lubumbashi na Mombasa. Bati ni bati. Tarakimu 28 haina lahaja. Zinazobadilika ni tatu tu: jina la chombo, jina la mkaa, na neno la sifa linalosema kwamba chombo hiki ni kile kilichoboreshwa. Mtu asiyefanya mgawanyo huu huishia kubadilisha kichwa kizima kwa kila nchi, na baada ya muda mfupi hajui tena kama vichwa vyake vitatu vinazungumzia bidhaa moja.

Papo hapo, ipe bidhaa namba yake ya ghala isiyotokana na jina la nchi yoyote, kwa mfano `JK-28-UB`, na uiweke katika kila tangazo, kila risiti na kila boksi. Mteja wa Goma ataagiza mbabula, wa Kigoma ataagiza jiko, na mtu wa ghalani atatoa kitu kilekile bila kuhesabu akiba mara mbili.

Hatua ya pili: kusanya majina kwa namna isiyompa mtu jibu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukimwuliza mtu wa Bukavu, «Je, hili ni jiko?», atakubali, kwa sababu analielewa neno hilo na hataki kukubishia. Utaondoka ukiamini kwamba Bukavu wanasema jiko. Ukimwuliza kwa Kiswahili sanifu, «Kifaa hiki kinaitwaje?», atajitahidi kukujibu kwa Kiswahili cha shule, na huenda akatoa neno ambalo yeye mwenyewe halitumii nyumbani. Watu wa mashariki ya Kongo wamezoea kuambiwa kwamba Kiswahili chao si kizuri, na mbele ya mgeni mwenye daftari wengi huficha neno lao.

Njia inayofanya kazi ni kuonyesha kitu chenyewe au picha yake isiyo na maandishi, kisha kuuliza swali la kutuma mtu sokoni, tena kwa Kiswahili cha hapo hapo: «Mama, ukituma mutoto ku soko akuletee hii kintu, utamuambia alete nini?» Swali hili halimwombi atoe jina sahihi. Linamwomba akumbuke anachosema kila siku, na jibu hutoka bila kusitasita: «Mbabula. Mbabula ya makala.»

Angalia kwamba katika jibu hilo umepata mambo mawili. Umepata jina, na umepata pia kwamba msemaji ameongeza «ya makala» bila kuulizwa, jambo linaloonyesha kwamba maneno hayo mawili hutembea pamoja. Kichwa chako kikifuata mpangilio huo kitasomeka kama sauti ya mtu wa mji.

Uliza wanunuzi na wauzaji kwa makundi tofauti, kwa sababu muuzaji wa vyombo katika soko la Kadutu, Bukavu, ana maneno ya biashara ambayo mama wa nyumbani hana, na kichwa kinaandikwa kwa ajili ya anayenunua. Usiichukulie Kongo kama mahali pamoja. Mbabula utalisikia Lubumbashi kama utakavyolisikia Bukavu, lakini Goma, palipo karibu na wasemaji wa Kinyarwanda, utakutana pia na matamshi yenye r, yaani mbabura, na kwingine herufi ya mwanzo inaanguka na kubaki babula. Andika kila umbo kama lilivyosikika, pamoja na jina la mji. Acha kuyasawazisha kwa sasa.

Sababu ya tofauti hizi kuwa kubwa upande wetu wa Kongo inajulikana. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, haikuwamo. Vitabu vya shule vilivyosambaza msamiati mmoja huko havikutufikia kwa namna ileile, na majina ya vitu vya nyumbani yakaendelea kukua sokoni, yakichota katika lugha za jirani na katika Kifaransa.

Hatua ya tatu: pima kila jina kwa maswali matatu

Ukishakuwa na orodha, chukua kila jina na uliulize, kwa kila nchi: je, hapa linaeleweka? Je, hapa ndilo analolisema mtu anayetaka kununua? Je, hapa linataja kitu kingine? Swali la kwanza na la pili watu huyachanganya, nalo la tatu hulisahau, na ndilo lenye madhara makubwa zaidi.

Tuanze na makala. Katika Goma, Bukavu na Lubumbashi hakuna mtu anayelishangaa: ni kile kinachopimwa kwa gunia, kinachochafua mikono, kinachopanda bei mvua ikiharibu barabara. Shirika la WWF lilipopanda miti kandokando ya Hifadhi ya Virunga ili ipatikane mkaa usiokatwa ndani ya hifadhi, mradi wake uliitwa EcoMakala, na hapakuhitajika maelezo. Lakini kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, makala ni andiko la gazetini. Wikipedia ya Kiswahili yenyewe huziita kurasa zake makala. Kichwa kinachosema «Mbabula ya makala» kikimfikia msomaji huyo, neno la kwanza halijui na la pili linampeleka kwenye magazeti, hivyo hana pa kushika. Hata ndani ya Kongo neno hili likiandikwa peke yake kwenye mtambo wa kutafuta lina mshindani mkubwa, kwa kuwa gereza kuu la Kinshasa linajulikana kwa jina la Makala, na habari zake ni nyingi kuliko matangazo ya mkaa.

Jiko ni la aina nyingine. Linaeleweka kila mahali, lakini si kwa maana moja. Kenya, jiko mara nyingi ni hicho chombo cha mkaa chenyewe. Tanzania ni jina pana zaidi, kwani lipo jiko la mkaa, jiko la gesi, jiko la umeme, na tena jiko kwa maana ya chumba cha kupikia, kwa hiyo neno halitoshi bila kutaja nishati. Upande wetu, jiko kwa wengi ni mahali pa kupikia, na anayeambiwa «jiko jipya» anaweza kufikiria chumba kabla ya chombo. Neno hili linapita swali la kwanza katika nchi zote tatu, linapita la pili Tanzania na Kenya tu, na kwa swali la tatu linahitaji neno la kulisindikiza karibu kila mahali.

Banifu ni la Tanzania. «Jiko banifu» huko ni jina linalotumiwa katika kampeni za kupunguza ukataji wa miti na linajulikana vizuri. Bukavu halimwambii mnunuzi kitu. Hapa sifa hiyo husemwa kwa kitendo: inakula makala kidogo. Ni maneno matatu yenye kazi sawa na banifu, na yana faida ya kwamba yanamweleza mtu pesa yake itaokolewa wapi.

Lipo pia jina la nchi yenyewe. Umbo la chombo hiki, lenye kiuno katikati na udongo kwa ndani, lilienea kutoka Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anayejua asili hiyo atashawishika kuandika «Jiko la Kenya» kama sifa ya ubora. Lubumbashi ina komini, yaani sehemu ya mji, iitwayo Kenya, yenye soko linalojulikana na kila mtu mjini. Msomaji wa Lubumbashi ataelewa kwamba bidhaa inapatikana, au inatengenezwa, komini Kenya, na atakwenda kuitafuta huko.

Kupima swali la tatu si lazima usafiri. Fungua mtambo wa kutafuta, uelekeze nchi unayotaka, na uangalie upande wa picha kwanza, kwa kuwa picha haidanganyi kuhusu maana inayotawala. Kwa Google, nchi huelekezwa na herufi mbili mwishoni mwa anwani:

```
https://www.google.com/search?q=jiko+la+makaa&gl=ke
https://www.google.com/search?q=mbabula+ya+makala&gl=cd
```

Tafuta jina peke yake, kisha pamoja na nishati yake. Ikiwa jina peke yake linaleta vitu vingine lakini pamoja na nishati linaleta vyombo vya kupikia, umejua kwamba maneno hayo mawili yasitenganishwe kamwe katika kichwa. Njia hii ina mipaka yake. Matokeo ya Kiswahili cha Kongo ni machache, na Google Trends haionyeshi maneno yanayotafutwa na watu wachache, kwa hiyo ukikuta patupu usihitimishe kwamba neno halitumiki. Maneno mengi ya Bukavu husemwa mara elfu kwa siku bila kuandikwa hata mara moja, na ushahidi wa sokoni ndio unaopaswa kushinda.

Upande wetu liko jambo moja zaidi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na shule hufuata mgawo huo. Matokeo yake, mtu anayezungumza Kiswahili siku nzima anaweza, akishika simu kutafuta bidhaa, kuandika `foyer amélioré`, yaani jiko lililoboreshwa kwa Kifaransa. Maneno hayo yaweke katika mstari wa kwanza wa maelezo chini ya kichwa. Sishauri yaingizwe kwenye kichwa chenyewe, kwa sababu yanakula nafasi ya ukubwa na ya sifa, na kwa sababu anayetembea sokoni na simu mkononi anamsomea mwenzake kichwa kwa sauti.

Hatua ya nne: amua kama ni kichwa kimoja au vichwa vingi

Uamuzi huu hautegemei lugha kwanza, unategemea njia ya kuuza. Ikiwa kila nchi ina ukurasa wake, katalogi yake au mwakilishi wake anayepokea simu, andika kichwa cha kila nchi kwa jina la nchi hiyo bila kuchanganya. Gharama ni ndogo na msomaji hasomi neno lisilomhusu. Ikiwa ni boksi moja lililochapishwa Bukavu na kupakiwa kwenda kote, au ukurasa mmoja usioweza kugawanywa, basi unahitaji kichwa cha pamoja, na hapo kuna kanuni mbili ninazozishikilia.

Ya kwanza ni kwamba majina ya kitu kimoja yasizidi mawili. Kichwa kama «Jiko/mbabula/babula ya mkaa/makaa/makala» hakimsaidii yeyote. Kikionekana kwenye simu hukatwa kabla ya kufika ukubwa, na anayekisoma hudhani kuna bidhaa kadhaa. Mifumo ya matangazo nayo ina vipimo vyake. Google Merchant Center hupokea kichwa cha bidhaa cha hadi herufi 150, lakini yenyewe huwaonya wauzaji kwamba mnunuzi kwa kawaida huona 70 za mwanzo au pungufu. Jina lazima limalizike mapema.

Ya pili inahusu jina gani litangulie. Wengi husema litangulie la soko kubwa. Mimi naona litangulie lile linaloeleweka na wale wasiolisema, kwa sababu uelewano kati yetu na jirani zetu hauendi sawa pande zote mbili. Mtu wa Goma husikiliza BBC na RFI kwa Kiswahili, husikiliza nyimbo za Dar es Salaam, na hivyo jiko na mkaa amekwisha kuyasikia hata kama hayatamki. Mtu wa Kigoma au Mombasa hana njia kama hiyo ya kulizoea neno mbabula. Kwa hiyo katika kichwa cha pamoja jiko la mkaa linatangulia, na mbabula ya makala inafuata papo hapo katika mabano ili mtu wa kwetu aone kwamba ametajwa. Katika tangazo la Goma peke yake hoja hiyo haipo, na jiko halina kazi ya kutangulia.

Hatua ya tano: andika vichwa

Sasa mfano wetu una vyote vinavyohitajika. Kwa Bukavu, Goma na Lubumbashi:

Mbabula ya makala, udongo na bati, sm 28

Kwa Tanzania:

Jiko banifu la mkaa, udongo na bati, sm 28

Kwa Kenya:

Jiko la makaa, udongo na bati, sm 28

Kwa boksi la pamoja:

Jiko la mkaa (mbabula ya makala), sm 28

Kichwa cha kwanza kina herufi 40 pamoja na nafasi na alama, na vingine viko karibu na hapo, hivyo hakuna kitakachokatwa kabla ya jina kukamilika. Katika vyote, chombo kinatangulia na nishati inafuata. Mpangilio huo usiugeuze. Kichwa kinachoanza na makala, kwa mfano «Makala kidogo tu: mbabula mpya», kitakuletea simu za watu wanaouliza bei ya gunia. Sifa ya kula makala kidogo iweke katika mstari unaofuata: «Inakula makala kidogo.» Neno kidogo lina faida nyingine ndogo, kwamba halihitaji upatanisho, kwa hiyo halitofautishi anayesema makala mengi na anayesema makala mingi.

Kuhusu sarufi, ushauri wangu ni kuchukua jina la mji lakini kuliandika kwa tahajia iliyozoeleka kusomwa. Mbabula, wala si mubabula. Makala, kama lilivyo. Watu wa kwetu hutamka kwa namna nyingi lakini husoma kwa tahajia moja, ile ya Biblia na ya shule. Neno mbabula lina bahati ya kuchukua «ya» kwa wote, kwa hiyo halileti mgongano. Kenya, mitaani utasikia «jiko ya makaa», lakini «jiko la makaa» husomwa bila taabu na yule yule anayesema vingine, na boksi halionekani limeandikwa kwa pupa. Maumbo mbabura na babula, uliyoyakusanya katika hatua ya pili, yapelekwe kwenye maelezo kwa ajili ya anayeandika hivyo anapotafuta.

Kitenzi kiondoe kabisa katika kichwa, hasa kitenzi cha kuuza. Katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha Kivu, kuuza ni kutoa pesa na kuchukua kitu, na anayetoa kitu ili apate pesa ndiye anayeuzisha. «Nauza mbabula» iliyoandikwa na mtu wa Dar es Salaam inasomeka Bukavu kama tangazo la mtu anayetafuta mbabula za kununua, na utapata mafundi wanaokupigia kukuletea mali. Bei ikiwekwa kando ya picha, hakuna anayehitaji kitenzi.

Njia hii inahamishika kwa bidhaa nyingine. Chombo cha plastiki cha maji cha lita 20, kile cha njano kinachopangwa kwenye foleni za maji Goma, kwetu ni bidoni, Tanzania ni dumu, na Kenya wengi husema mtungi. Maswali matatu yanaonyesha haraka kwamba mtungi hauwezi kuvuka kwenda Tanzania peke yake, kwani huko utasomeka kama chungu cha maji au chombo cha gesi. Kinachobaki bila kubadilika ni «maji» na «lita 20», na hivyo ndivyo vinavyoufunga mstari: «Bidoni ya maji, lita 20» kwa Goma, «Dumu la maji, lita 20» kwa Kigoma, na «Mtungi wa maji wa plastiki, lita 20» kwa Nairobi, ambako neno plastiki linaondoa shaka ya gesi.

Hatua ya sita: ziambie mashine ni ukurasa wa nchi ipi

Hatua hii inawahusu wenye tovuti tu. Kurasa tatu zenye bidhaa moja zikiachwa bila maelezo, mtambo wa kutafuta unaweza kumwonyesha mtu wa Goma ukurasa wa Tanzania. Maelezo hayo huandikwa katika kichwa cha msimbo wa kila ukurasa:

```html
<link rel="alternate" hreflang="sw-CD" href="https://duka.example/cd/mbabula" />
<link rel="alternate" hreflang="sw-TZ" href="https://duka.example/tz/jiko" />
<link rel="alternate" hreflang="sw-KE" href="https://duka.example/ke/jiko" />
<link rel="alternate" hreflang="sw" href="https://duka.example/jiko" />
```

Mstari wa mwisho, usio na nchi, ni wa ukurasa wenye kichwa cha pamoja, kwa ajili ya wasomaji wa nchi ambazo hukuziandikia. Mistari yote minne lazima iwemo katika kila ukurasa, pamoja na ule unaojitaja wenyewe. Ukurasa wa Kongo ukiutaja wa Tanzania na wa Tanzania usiutaje wa Kongo, Google huyapuuza maelezo hayo. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa herufi tatu katika orodha ya kimataifa ya lugha, `swc`, lakini hapa usiutumie, kwa sababu Google hutaka lugha itajwe kwa herufi mbili. Kumbuka pia kwamba `sw-CD` inaishia kwenye nchi. Haiwezi kutenga Goma na Lubumbashi, kwa hiyo ukurasa wa Kongo ubebe jina linalokubalika katika miji yote, na majina ya mji mmoja mmoja yabaki katika maelezo.

Hatua ya saba: tambua kosa kwa aina ya maswali unayoulizwa

Kichwa kilichokosea huwa hakinyamazi. Watu wakiuliza «hii ni nini?» ilhali picha wanaiona, jina halieleweki mahali hapo. Wakiuliza bei ya kitu kingine, kama gunia la makala au mtungi wa gesi, jina linaeleweka lakini kwa maana nyingine, na dawa yake si kuongeza jina la tatu, ni kuongeza neno la kusindikiza au kubadilisha mpangilio. Wakinunua bila kuuliza lakini kwenye simu wanatumia jina tofauti na lako, jina lako linaeleweka ila si lao. Hilo si kosa la haraka, ila liandike, na likijirudia kutoka mji mmoja ulipeleke kwenye kichwa cha mji huo.

Mwenye tovuti ana ushahidi zaidi katika Google Search Console, kwenye ripoti ya utendaji, akichuja kwa nchi na kuangalia maneno yaliyoandikwa na watafutaji. Neno linaloleta maonyesho mengi na mibofyo michache mara nyingi ni neno lenye maana mbili. Ukurasa wako unaonyeshwa kwa watu waliotafuta gazeti, gereza au chumba, nao wanapita. Badilisha neno moja tu kwa wakati, andika tarehe uliyobadilisha, na usiguse bei wala picha hadi ripoti mpya ionekane. Ukibadilisha jina na picha siku moja, hutajua ni kipi kilichofanya kazi.

Kichwa kilichochapishwa kwenye boksi hakibadiliki kwa siku moja, kwa hiyo kabla ya kuchapa, kipeleke kikiwa kimeandikwa kwenye karatasi tupu, bila picha, kwa watu wachache wa kila mji, na uwaombe wakuchoree wanachotarajia kukikuta ndani. Anayechora chombo chenye matundu chini amekielewa. Anayechora chumba, gunia au gazeti amekuonyesha neno la kubadilisha wakati wino bado haujagusa katoni.